Barua ya Wakala kwa Mfugaji wa Marsabit

Januari 2010 wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, waliletewa bima ya namna ambayo hawakuwa wameiona. Ilibuniwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao Nairobi, ikishirikiana na wachumi wa Chuo Kikuu cha Cornell na wengine. Kampuni ya UAP ndiyo iliyotoa bima yenyewe, na Equity Bank ikaiuza. Ada yake ilikuwa rahisi kuieleza. Ugumu ulikuwa kwingine. Bima hii ya mifugo haimtazami mnyama. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga wala kuulizia ngozi. Kinachotazamwa ni malisho ya eneo zima, nayo hutazamwa na setilaiti.

Kazi ya kulieleza hilo ilimwangukia wakala, ambaye mara nyingi ni mtu wa hapo hapo, jamaa wa wale wale anaowauzia. Kishawishi chake ni kikubwa. Sentensi inayouza upesi ni hii: "Ng'ombe wako wakifa na ukame, utalipwa." Ni fupi, tamu, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayovunja imani msimu ambao mfugaji amepoteza ng'ombe watatu, jirani naye wawili, na simu haikuleta chochote.

Ndiyo maana nimeona niuchukue mkataba kama ulivyokuwa mwaka huo wa kwanza, kwa bei na masharti yake ya wakati huo, nitunge barua ambayo naamini wakala mwaminifu angewaandikia watu wake. Barua ya namna hii husomwa kwa sauti chini ya mti, mtu mmoja akisoma na mwingine akifasiri kwa Kirendille, Kigabra au Kiborana. Kwa hiyo kila sentensi ibebe jambo moja tu, na jambo gumu kuliko yote litangulie.

"Wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana mlio fora na mifugo, salamu nyingi kwenu. Nimepewa kazi ya kuuza bima ya mifugo, na nyumba ikinunua mimi napata kamisheni. Nalisema mapema mlijue. Kabla ya kuwaeleza inalipa nini, nawaeleza isicholipa. Mnyama akifa kwa ugonjwa, bima hii hailipi. Akiliwa na fisi, akichukuliwa na wezi, akisombwa na mafuriko, hailipi. Inahusu jambo moja tu, nalo ni ukosefu wa malisho unaoletwa na ukame katika eneo lote."

Mawakala wengi wangeiweka aya hiyo mwisho, au wangeiacha ndani ya mkataba ambao hakuna atakayeusoma. Mimi nasema iwe ya kwanza, kwa sababu mfugaji akisikia maneno "bima ya mifugo" anafikiria hatari zote anazozijua, na kwake homa ya mbuzi na wizi wa mifugo vinaweza kuwa karibu kuliko ukame. Akigundua mipaka hiyo baada ya hasara, hatamlaumu mwandishi wa mkataba. Atamlaumu aliyekaa naye na kunywa chai yake.

"Sasa namna inavyopima. Kuna chombo angani kinachopiga picha za ardhi yetu, na picha hizo hukusanywa kila siku kumi. Zinaonyesha wapi kuna kijani na wapi pamekauka. Wataalamu wanalinganisha kijani cha msimu huu na cha misimu ya miaka mingi iliyopita, hapa hapa kwetu. Kutokana na hapo wanakadiria, katika kila wanyama mia moja wa eneo hili, ni wangapi huenda wamekufa kwa njaa. Makadirio yakizidi wanyama 15 katika mia, bima inalipa kile kilichozidi. Yakiwa 15 au chini ya hapo, hailipi. Hakuna anayekuja bomani kwako kuangalia."

Mfugaji mwenye akili atauliza mara moja: hao waliokaa Nairobi wanajuaje kwamba ukavu wa kiasi fulani unaua wanyama kiasi fulani? Jibu lipo na wakala anapaswa kuwa nalo. Kwa miaka kadhaa kabla ya bima hii, mradi wa serikali wa maeneo kame ulikuwa ukikusanya kila mwezi, kaya kwa kaya, hesabu za mifugo na vifo vyao. Watafiti walizichukua hesabu hizo wakaziweka kando ya picha za setilaiti za miezi ile ile, wakaona jinsi vifo vilivyofuata kupungua kwa kijani. Kipimo kilitokana na vifo halisi vya Marsabit. Hata hivyo ni makadirio ya wastani, na wastani hauijui nyumba yako.

Kwa nini basi wasipime kwa njia ya kawaida, mtu afiwe na ng'ombe, aripoti, alipwe? Fikiria safari ya kumpeleka daktari wa mifugo hadi ukingo wa jangwa la Chalbi kuthibitisha kifo cha ng'ombe mmoja wa thamani ya shilingi 15,000. Gharama za gari na posho zingeimeza thamani ya mnyama, na atakapofika kundi litakuwa limekwisha kuhama. Tena bima ya kulipia mzoga inamwadhibu mchungaji hodari. Yule aliyehangaika, akahamisha kundi usiku na kuwaokoa wanyama wake, hapati kitu, na aliyezembea analipwa. Kwa kipimo cha malisho wote wawili wanapata sawa kwa kadiri ya bima waliyonunua, na aliyeokoa wanyama wake anabaki na wanyama na pesa pia. Uzuri huu ni wa kweli na barua iuseme. Lakini isiuseme bila upande wake wa pili.

"Sikilizeni hili kwa makini, maana hapa ndipo watu watagombana nami baadaye. Inawezekana ng'ombe wako wafe na bima isilipe. Labda mvua ilinyesha kwingine kote katika eneo letu ila kwenu ikapita kando. Setilaiti inaona eneo zima ni kijani, na malipo yanafuata eneo zima. Inawezekana pia asife mnyama wako hata mmoja na bado ulipwe, kwa kuwa eneo lilikauka. Asiyeweza kulikubali hili moyoni, namwomba asinunue mwaka huu. Aangalie kwanza."

Watu wa bima wana jina lao la kitaalamu kwa pengo hilo kati ya kipimo na hasara ya mtu. Mfugaji halihitaji jina hilo. Anachohitaji ni kujua lini pengo linakuwa kubwa. Linakuwa kubwa pale eneo la kipimo linapokuwa pana, kwa maana mvua za kaskazini hunyesha kwa vipande. Linakuwa kubwa pia panapoota vichaka visivyoliwa. Mathenge, kwa mfano, hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha, na picha ya angani haijui kwamba kijani kile si chakula cha ng'ombe. Na linakuwa kubwa kuliko kote pale mfugaji anapoandikishwa eneo ambalo si la mifugo yake.

Hili la mwisho linazuilika, nalo ni kazi ya wakala tupu. Wafugaji wa huko huligawa kundi. Wanyama wachache wa maziwa hubaki karibu na nyumba, wanaobaki huenda fora, mbali, wakiongozwa na vijana. Anayenunua bima mara nyingi ni mzee au mama aliye nyumbani karibu na mji, na ni rahisi kumwandikia eneo la mahali alipoketi. Fora ikikauka na mji ukapata mvua, atakosa malipo kwa kosa la kalamu. Swali la wakala liwe: "Mifugo mingi inalisha wapi miezi ya kiangazi?" Ajibiwe kwanza, halafu aandike.

Inafuata hesabu, na hapa barua nyingi za bima huwapoteza watu kwa asilimia. Njia nzuri ni kuchukua nyumba moja na kuifuata mpaka mwisho.

"Bima inahesabu mifugo kwa kipimo cha ng'ombe. Ng'ombe mmoja ni kipimo kimoja. Mbuzi au kondoo kumi ni kipimo kimoja. Ngamia mmoja ni kipimo kimoja na sehemu nne za kumi. Kila kipimo kimepewa thamani ya shilingi 15,000. Chukueni nyumba yenye ng'ombe wanne na mbuzi 20, yaani vipimo sita. Hawalazimiki kukatia bima vyote. Tuseme wamechagua vitatu. Thamani yake ni shilingi 45,000. Kama wako upande wa Laisamis, ada ya mwaka ni shilingi 1,462 na senti 50. Kama wako North Horr, ni shilingi 2,475. Kule juu ada ni kubwa kwa sababu ukame huko unapiga mara nyingi zaidi."

"Msimu umekwisha, makadirio yamekuja: wanyama 33 katika mia. Tunaondoa 15 za mwanzo, zinabaki 18. Asilimia 18 ya shilingi 45,000 ni shilingi 8,100. Hizo ndizo mtakazopata. Makadirio yakiwa 14, hampati kitu. Na ada haitarudi."

Niitazame hesabu hiyo kwa jicho la mwenye nyumba. Thamani ya vipimo vitatu ikipungua kwa asilimia 33, hasara ni shilingi 14,850. Bima imetoa 8,100. Zile 6,750 zinazobaki ni mzigo wa nyumba yenyewe, kwa sababu sehemu ya mwanzo ya hasara haikatiwi bima. Shilingi 8,100 ni zaidi kidogo ya nusu ya bei ya ng'ombe mmoja kwa thamani ya mkataba. Hazirudishi kundi. Zinaweza kulisha watoto wiki kadhaa, au kuzuia ng'ombe jike asipelekwe sokoni kwa bei ya kutupa. Wakala anayesema "bima itakurudishia mifugo yako" anasema uongo kwa shilingi 6,750 katika mfano huu mdogo tu.

Tena bei ile ya 2010 ilikuwa imepunguzwa kwa ruzuku ya wafadhili. Mfugaji analipa sehemu, nao wanalipa iliyobaki. Barua iseme hivyo, maana ruzuku ikipungua ada itapanda, na mtu ambaye hakuambiwa ataona kampuni imemgeuka.

Ile sentensi fupi, "ada haitarudi", ndiyo iliyoleta maswali mazito. Nyumba nyingi zinajua vikundi vya kuweka akiba, ambamo mwanachama huchanga na zamu yake ikifika hupokea. Mtu aliyezoea chama, akilipa bima misimu miwili bila malipo, kwa haki kabisa anauliza pesa yake iko wapi. Ada ya bima inafanya kazi kama ujira wa mlinzi wa usiku: usiku ukipita bila mwizi, mlinzi haurudishi. Mama mwenye shilingi 1,500 za ziada, ambaye mtoto wake ataingia shule mwezi ujao, asishawishiwe kuona bima kama mahali pa kuziweka.

"Tunauza mara mbili kwa mwaka, Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba, kabla ya mvua. Mvua zikianza, tumefunga. Bima ni ya mwaka mmoja, nayo inaingia misimu miwili, ule unaoanza na mvua za masika na ule unaoanza na za vuli. Baada ya kila msimu kipimo kinaangaliwa, kwa hiyo malipo yanaweza kuja Machi au Oktoba, au mara zote mbili, au yasije kabisa. Mwaka ukiisha, bima imeisha. Ukitaka kuendelea unanunua tena."

Watu wengi huona kufungwa kwa dirisha la mauzo kuwa ukaidi. Sababu yake ni nyepesi. Laiti bima ingeuzwa Mei, baada ya watu kuona kwamba masika yamekataa, wangenunua wale tu wenye uhakika wa kulipwa, na mfuko usingekuwa na pesa za kuwalipa. Lakini wakala naye ana wajibu upande wake. Akifika kijijini wiki ya mwisho ya dirisha, anawanyima watu muda wa kushauriana, na nyumba ya mfugaji hainunui kitu cha namna hii bila mashauri. Mzee ana neno lake, mama anayeshika pesa ana lake, na kijana wa fora ndiye anayejua hali ya malisho kuliko wote.

"Ukilipa, dai risiti siku hiyo hiyo. Iangalie ina mambo manne: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, idadi ya vipimo, eneo la malisho, na nambari ya kukufikia. Usinipe pesa mkononi ukasubiri risiti kesho, hata kama mimi ni mtoto wa dada yako. Ukibadilisha nambari ya simu, niambie. Huhitaji kuripoti kifo cha mnyama wala kujaza fomu ya madai. Kipimo kikivuka 15, kila mwenye bima katika eneo lile analipwa. Usimpe mtu yeyote kitu akikwambia atakusaidia kulipwa."

Hapo pana faida ambayo masikini hawaipati katika bima nyingine nyingi. Hakuna cheti cha kifo, hakuna barua ya chifu, hakuna safari tatu za kwenda mjini. Kwa hiyo mtu akitaka "chai" ili aharakishe malipo, anauza kitu kisichokuwepo. Njia ya mtu kujua kama kweli anastahili kulipwa ni kuuliza jambo moja tu: kipimo cha eneo letu msimu huu kilikuwa ngapi? Wakala mzuri huleta nambari hiyo kila msimu, hata msimu usio na malipo, na kuitangaza mbele ya watu. Akitokea tu wakati wa kuuza, watu watajua amekuja kwa ajili ya kamisheni.

Malipo ya kwanza Marsabit yalitolewa Oktoba 2011, mwaka ambao ukame uliichoma Pembe ya Afrika yote. Wachumi waliofuatilia kaya za huko wakati huo walikuta tofauti kati ya wenye bima na wasio nayo, na haikuwa ya namna moja. Kwa nyumba zenye mifugo ya kutosha, bima iliwapunguzia haja ya kuuza wanyama kwa dhiki. Kwa nyumba zenye mifugo michache, ambazo hata bila bima hushikilia wanyama wao kwa nguvu, bima ilisaidia zisipunguze milo. Yaani pesa ile ile ilikwenda kizimbani kwa mmoja na chunguni kwa mwingine, kila nyumba ikiziba pale ilipokuwa ikivuja.

Miaka iliyofuata bima ilitoka Marsabit. Mwaka 2013 ilifika Wajir kwa mfumo wa takaful, unaofuata sheria za Kiislamu. Huko barua ingebidi iandikwe upya, kwa sababu mchango unatolewa kama sadaka ya kusaidiana na swali la kwanza la watu ni la dini. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza mpango wake, ukitangulia na Turkana na Wajir, ambamo ilizilipia ada kaya zilizochaguliwa hadi vipimo vitano. Barua ilihitajika hapo kuliko popote, kwani mtu aliweza kuwa na bima bila kuwahi kuketi na wakala, na pesa ikiingia asijue imetoka wapi wala kwa nini mwaka mwingine haikuja.

Badiliko kubwa kuliko yote liligusa wakati wa kulipa. Mkataba wa mwanzo ulikadiria vifo na kulipa msimu ukiisha, wanyama wakiwa wamekwisha kufa. Baadaye kipimo kilibadilishwa, kikawa kinatazama upungufu wa malisho wenyewe na kulipa mapema zaidi, mifugo ingali hai, na maeneo ya kipimo yakagawanywa kuwa madogo zaidi. Kwa mkataba huo barua inaongezewa aya moja:

"Pesa zitaingia wakati wanyama bado wanasimama, na mtaona kama zimewahi mno. Zimekusudiwa kununua majani makavu, maji na dawa kabla bei hazijapanda. Kwa hiyo kubalianeni sasa, kabla ya kiangazi: simu ni ya nani, nani ataleta majani, na ni wanyama gani watalishwa kwanza. Kwangu naona waanze wenye mimba na wanaonyonyesha. Lakini mifugo ni yenu, nanyi mnaijua kuliko mimi."